Fuso tatu na mafuta yasiyoonekana: anza na tenki lililojaa

Swali: Shikamoo mzee. Marehemu baba ametuachia Fuso tatu hapa Tanga. Mbili zinakwenda Dar na mzigo, moja inapandisha saruji Lushoto na kushusha mboga. Kazi zipo, lakini mwisho wa mwezi hela siioni. Mafuta hayatoshi, gereji haiishi, na kila dereva ana sababu yake. Mtu ameniambia nifunge mitambo ya kufuatilia magari. Nipime nini kila mwezi nijue tatizo liko wapi?

Jibu: Marahaba binti yangu, na pole kwa msiba.

Mtambo uweke pembeni kwa sasa. Ule wa kawaida utakuonyesha gari liko wapi na linakwenda mwendo gani. Mafuta yaliyomo kwenye tenki hauyaoni, mpaka ufunge na kipimo chake maalumu. Wewe unahitaji daftari, peni, na nidhamu ya kujaza tenki kwa namna moja kila safari. Ukishika hilo la tenki vizuri, nusu ya mambo yako yatajieleza yenyewe, kwa hiyo nitakaa hapo kwa muda mrefu kuliko kwingine.

Kwanza acha kupima mafuta kwa shilingi. EWURA hutangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ya Tanga mjini si ya Dar wala ya Lushoto. Ukiandika kwamba mwezi uliopita mafuta yalikula milioni tatu na mwezi huu milioni tatu na nusu, hujui kama gari limekula zaidi, limetembea zaidi au bei imepanda. Andika lita na kilomita. Shilingi utazizidisha mwishoni, ukitaka kujua hasara ni kiasi gani.

Utaratibu wenyewe ni huu. Chagua sheli moja hapa mjini, yenye sakafu tambarare, na ikiwezekana pampu ileile kila mara. Gari likirudi safari, kabla halijaenda kulala, lijazwe pale mpaka dizeli ionekane kwenye shingo ya tenki. Dizeli hutoa povu, kwa hiyo pampu ikikata, msubiri dakika moja au mbili povu lishuke, kisha mmalizie polepole. Andika namba iliyoko kwenye mita ya kilomita na lita zilizoingia. Kama dereva aliongeza mafuta njiani, risiti yake ya mashine iwe na kilomita alizoandika kwa mkono palepale. Jumlisha lita zote tangu tenki lilipojaa mara ya mwisho mpaka limejaa tena, kisha gawanya kilomita kwa lita hizo. Hiyo ndiyo namba ya safari hiyo.

Wengi wanakosea hapa. Wanajumlisha risiti za mwezi mzima bila kujali tenki lilianza likiwa na nini na likaisha na nini. Tenki la lita 200 likianza mwezi likiwa limejaa na kumaliza likiwa robo, tayari hesabu imepotoka kwa lita 150, na utakuja kumsifu au kumfokea mtu bure.

Hakikisha pia mita ya kilomita ni nzima. Waya wake hukatika, na kuna anayeukata kwa makusudi. Njia ya kuipima ni rahisi: Tanga hadi Dar kupitia Segera na Chalinze ni kama kilomita 350, na simu yoyote yenye ramani itakupa umbali wa njia uliyopita. Mita ikitofautiana na simu kwa kilomita 10 usijali. Ikitofautiana kwa 40, ama mita ni mbovu au gari halikupita ulikodhani. Kama marehemu alibadili matairi akaweka ya kimo kingine, mita itadanganya kidogo kila siku, lakini itadanganya kwa kiasi kilekile. Kwa kazi yetu hilo halina neno.

Usilinganishe Fuso ya Lushoto na zile za Dar. Kipande cha Mombo hadi Lushoto ni kilima na kona mwanzo mwisho, na inapanda na saruji. Hata mikononi mwa dereva bora, gari hilo litakuwa na namba ndogo. Kila gari lilinganishwe na lenyewe kwenye njia yake. Safari kama nne au tano za mwanzo, ukiwa umelifanyia sevisi, ndizo zitakupa namba ya kawaida ya gari hilo. Baada ya hapo ndipo unaanza kuhoji.

Sasa nikupe kisa niseme nilivyokisoma. Fuso moja ya mteja wangu hapa mjini ilikuwa inakwenda Dar na kurudi, safari tano kwa mwezi. Ukijumlisha na mizunguko ya kushusha mzigo mjini, kila safari ilikuwa kama kilomita 780. Namba yake ya kawaida ilikuwa 3.3, yaani kilomita 3.3 kwa lita. Mwezi mmoja ikatoka 2.9: kilomita 3,900 kwa lita 1,345. Kwa namba yake ya kawaida ingetumia kama lita 1,182. Pengo ni lita 163. Tukichukua lita moja kwa shilingi 2,800, hizo ni shilingi 456,400 kwenye gari moja, mwezi mmoja.

Mwenye gari alitaka kumfukuza dereva siku hiyohiyo. Nikamwomba tusiitazame namba ya mwezi, tuzitazame safari moja moja. Safari ya kwanza ilikula lita 237, ya pili 236, ya tatu 314, ya nne 238, ya tano 320. Hapo picha ikabadilika. Gari likiwa na ugonjwa halipati nafuu safari ya nne halafu likaugua tena ya tano. Pampu ya dizeli ikichoka, inachoka moja kwa moja. Kwa hiyo tulijua kitu kimefanywa na mtu, na tulijua ni safari zipi mbili.

Tukafungua risiti. Safari tatu zilizokuwa sawa, dereva aliongeza mafuta Dar wakati wa kurudi. Safari zile mbili mbaya, alikuwa na risiti ya lita 150 aliyopata Chalinze wakati wa kwenda. Sasa fikiri nami. Gari limetoka Tanga tenki limejaa, lita 200. Mpaka Chalinze ni karibu kilomita 250. Kwa 3.3, limechoma kama lita 76. Maana yake nafasi iliyokuwepo kwenye tenki ni lita 76 tu. Lita 150 ziliingia wapi? Hata kama gari lingekuwa bovu kiasi cha kufanya kilomita 2.5 kwa lita, nafasi ingekuwa lita 100. Risiti ilikuwa halali, ya mashine, na mafuta yalilipiwa. Ila nusu yake iliingia kwenye madumu.

Ndiyo maana nasisitiza kilomita ziandikwe kwenye risiti ya njiani. Bila kilomita, risiti inasema mafuta yamenunuliwa. Ukiwa na kilomita, unaweza kuuliza kama tenki lilikuwa na nafasi ya kuyapokea.

Dereva alipoonyeshwa hesabu hakubisha. Tena alizungumza kwa utulivu. Posho ya safari ilikuwa shilingi 30,000, haijaguswa miaka mingi, na humo alitakiwa kula siku tatu, kumlisha utingo, na kuwapa wapagazi kitu kidogo sokoni ili gari lishushwe mapema. Mwenye gari alikasirika, lakini alipotulia akapiga hesabu: kuongeza posho iwe 60,000 kwa safari tano ni shilingi 150,000 kwa mwezi, na lita zilizopotea zilikuwa za zaidi ya 450,000. Akaongeza posho, akamwonya, na namba ikarudi 3.3 ikakaa hapo. Sisemi kila wizi unatokana na njaa. Nimewaona waliolipwa vizuri wakaiba. Lakini kabla hujamwita dereva, kaa chini uhesabu kama posho unayompa inatosha kweli kwa safari unayomtuma. Kama haitoshi, tofauti itatoka kwenye tenki lako, kwa ruhusa yako au bila ruhusa yako.

Kuna sura nyingine ya namba, nami ilinifundisha kwa uchungu. Nilikuwa nasimamia magari ya kampuni moja. Fuso mojawapo ilishuka polepole: 3.3, kisha 3.2, kisha 3.1, kisha 3.0, safari baada ya safari. Sikusoma mfuatano ule. Niliona mwezi umeharibika nikamwondoa dereva, mtu mzima mwenye familia. Akaja mwingine, namba ikabaki 3.0. Ndipo nikalipeleka gari kwa fundi. Breki ya gurudumu moja la nyuma ilikuwa inashika muda wote, haiachii. Gari lilikuwa linatembea limefungwa breki, na hakuna aliyejua isipokuwa yule dereva, ambaye alishasema gari ni zito na mimi nikaona ni kisingizio. Nilimtafuta kumwomba radhi, tayari alikuwa ameajiriwa kwingine. Lile halijanitoka.

Kushuka polepole na kwa safari zote ni gari. Kuruka kwa safari moja moja ni mtu, au ni mzigo na njia ya safari hiyo. Ndiyo maana daftari lako lazima liwe na sehemu ya kuandika tani zilizobebwa na mahali gari lilipokwenda. Na kama bado una shaka, badilishana madereva kwa mwezi mmoja kwenye yale magari mawili ya Dar. Namba mbaya ikibaki na gari, lipeleke kwa fundi. Ikimfuata dereva, zungumza na dereva.

Ukishajua ni gari, anza na yasiyo na gharama. Gari likiingia uani baada ya safari, pita ukisogeza kiganja karibu na kila kitovu cha gurudumu bila kukigusa. Linalochoma kuliko wenzake lina breki inayoshika au beringi inayokufa. Pima upepo wa matairi asubuhi yakiwa ya baridi. Tazama moshi gari likipanda na mzigo: mweusi mzito ni hewa haitoshi au nozeli zinamwaga badala ya kunyunyiza, kwa hiyo anza na filta ya hewa kabla hujamruhusu fundi afungue pampu. Moshi wa bluu ni oili inaungua, hilo ni jambo kubwa zaidi. Tazama pia chini ya gari kulipolala. Dizeli inayodondoka usiku kucha inaacha alama.

Neno moja kuhusu visingizio. Utaambiwa jua la Tanga limekausha mafuta. Dizeli hutanuka na kusinyaa kwa joto, ni kweli, lakini kwa kiasi kidogo sana. Nyuzi joto 10 kwenye lita 200 ni kama lita moja na nusu. Kisingizio cha kweli kuliko hicho ni foleni na kusubiri mzigo injini ikiunguruma. Gari la namna hiyo likisimama linawaka huchoma kama lita 2 kwa saa. Saa tano za kusubiri kushusha ni lita 10, na hilo wewe mwenyewe unaweza kulipunguza ukiongea na mwenye mzigo. Tofauti ndogo kuliko asilimia 5 usiifanyie kesi. Mvua, upepo wa pwani na uzito wa mzigo vinatosha kuileta.

Nije kwa mwendo wa dereva. Wengi wakishapata namba hizi hukimbilia kutoa zawadi kwa anayetumia lita chache. Kwa Fuso yako ya Lushoto nakuomba usifanye hivyo peke yake. Dereva anayewania zawadi ya lita atashuka kutoka Lushoto hadi Mombo kwenye nyutro akidhani anaokoa mafuta. Haokoi. Injini ya dizeli ikiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, pampu hukata dizeli, na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Akiweka nyutro, injini lazima ijilishe yenyewe ili isizime, kwa hiyo anachoma mafuta ambayo asingeyachoma. Zaidi ya hapo, uzito wote unabaki juu ya breki za miguu. Ngoma zinapata moto, breki zinalegea, na mlima bado uko mbele. Mfundishe hesabu hiyo mwenyewe, uso kwa uso: ashuke kwa gia ambayo angepandia, na atumie breki ya injini.

Kipimo kizuri cha mwendo wa dereva, nje ya lita, ni vifaa vinavyoliwa na mguu wake. Andika kilomita kila unapofunga klachi mpya, breki mpya na tairi jipya. Klachi ikidumu kilomita 90,000 kwa dereva mmoja na 35,000 kwa mwingine kwenye njia ileile, huyo wa pili anapumzisha mguu juu ya pedeli, au analishikilia gari kilimani kwa klachi badala ya breki. Faini za mwendokasi nazo ziandikwe kwa jina. Anayekimbia anachoma dizeli zaidi, anakula breki na anakula tairi, kwa hiyo namba zake hutembea pamoja.

Ukitaka kutoa zawadi, itoe kila baada ya miezi mitatu, kwa anayekaa ndani ya namba ya gari lake, hana faini, na gari lake halijalala njiani kwa uzembe. Iwe kiasi kinachojulikana mapema.

Kwenye gereji usitazame mwezi mmoja. Mwezi wa matairi utakutisha, na mwezi usio na kitu utakudanganya. Chukua miezi mitatu, jumlisha yote uliyolipa kwa gari hilo isipokuwa matairi, gawanya kwa kilomita za miezi hiyo. Tuseme gari limetembea kilomita 13,200 na gereji imekula shilingi 3,960,000: ni shilingi 300 kwa kilomita. Hiyo namba ikusaidie hata kupanga bei ya mzigo. Kisha hela hiyo ya gereji itenge mafungu mawili: uliyotumia kwa sevisi uliyoipanga, na uliyotumia kwa kuharibika. Kama katika hizo, 1,100,000 tu ndiyo oili, filta, grisi na ukaguzi, na 2,860,000 ni gari kuvutwa, fundi kusafirishwa hadi Segera na spea kununuliwa usiku, basi gereji yako haiishi kwa sababu sevisi yako ni ndogo. Nimeona magari mengi yakila kingipini na misalaba ya propela kwa kukosa grisi ya shilingi chache, hasa yanayoingia kwenye machimbo ya mawe kule Pongwe, ambako vumbi linageuka msasa.

Na spea ya zamani irudi ofisini. Kila kilichofungwa kipya, kile kibovu kiletwe, ukiandike na kilomita zake. Kitu kilekile kikirudi mara tatu kwa mwaka, ama unauziwa bandia, ama fundi anatibu dalili na kuacha ugonjwa, ama hakikubadilishwa kabisa. Ukiwa na cha zamani mkononi utajua ni lipi kati ya hayo.

Kwa hiyo kila mwezi kila gari lina mstari mmoja kwenye daftari: kilomita, lita, kilomita kwa lita, siku lililolala bovu, gereji ya kupanga na gereji ya kuharibika. Chini yake zifuate safari zake moja moja. Mistari mitatu, magari matatu. Mtu aliyezoea humaliza jioni moja.

Mwezi wa kwanza usimwambie mtu chochote kuhusu namba. Jaza tenki, andika, nyamaza. Mwezi wa pili waite madereva wote watatu pamoja, waonyeshe daftari, kila mmoja aone namba ya gari lake, na uwaulize wao gari linasumbua wapi. Yule wa Lushoto msikilize kwanza. Anajua breki zake kuliko mtu yeyote.